Usifunge Orodha Nzima kwa Sababu ya Mtu Mmoja

Wiki hii dada mmoja wa Mbale ameniandikia. Anasimamia orodha ya baruapepe ya chama chao, inayoendeshwa kwa programu ya Mailman 3. Kuna mwanachama anayewajazia matangazo ya biashara, na dada anataka kuweka kila ujumbe wa kila mtu usubiri idhini yake. Nimemwomba asubiri kwanza asome haya.

Orodha ya walimu wa Kiswahili ninayoisimamia hapa Jinja inasomwa na watu kutoka Arua hadi Kabale, na wananiamini. Kuna kipindi tuliwahi kushikilia ujumbe wa wote. Tangazo la usaili likakaa kwenye foleni mwishoni mwa juma, na lilipopitishwa usaili ulikuwa umekwisha. Mwalimu mambo yakimpita hivyo mara mbili hagombani nawe. Anaacha tu kuandika.

Ukifungua ukurasa wa Held messages, soma kwanza safu ya sababu kabla ya kusoma ujumbe wenyewe. Ukikuta "The message is larger than the 40 KB maximum size", mara nyingi ni mtu mwema aliyeambatisha picha ya mtihani. Ukikuta "The message is not from a list member", huenda ni mwanachama aliyeandika kwa anwani ya pili iliyo kwenye simu yake. Huyo mwandikishe na anwani hiyo pia, kisha uizimie upokeaji ili asipate kila barua mara mbili. Msumbufu wa kweli ni mmoja kati ya hao wote, naye ana dawa yake.

Wetu alikuwa mzee wa heshima, mwalimu mstaafu, aliyekuwa akituma matangazo ya viwanja vya Mukono karibu kila asubuhi. Nilimwandikia faraghani: "Shikamoo mwalimu. Matangazo ya viwanja hayaruhusiwi kwenye orodha yetu. Maswali na majibu yako ya sarufi tunayahitaji." Akaitikia marahaba, na kesho yake kiwanja kingine kikaingia. Ndipo nikafungua jina lake kwenye orodha ya wanachama, nikaenda Member Options, na kwenye sehemu ya Moderation nikamwekea "Hold for moderation". Yeye peke yake. Wengine walibaki kwenye "Default processing", na orodha ikaendelea kama kawaida.

Wasaidizi wangu walitaka "Discard (no notification)". Nilikataa, na ningekataa tena. Discard humeza kila anachotuma bila kumwambia mtu, na mzee huyu ndiye aliyekuwa akitufafanulia ngeli kuliko mtu yeyote. Kwa Hold, tangazo lake linasimama, nami nalirudisha kwa Reject pamoja na sababu. Swali lake la ngeli nalipitisha saa hiyo hiyo. Sababu niliiandika mara moja nikaihifadhi, nikawa nabandika ile ile kila mara: "Ujumbe huu ni tangazo la biashara. Ondoa sehemu ya kiwanja, utume tena, utapita." Maneno yakiwa yale yale kila siku, mtu hana nafasi ya kusema leo umemwonea.

Kisha akaanza kutuma kwa anwani nyingine. Nayo ikanaswa, kwa kuwa asiye mwanachama kwetu hushikiliwa. Ndivyo Mailman inavyokuja ikiwa mpya, na nakusihi usibadilishe hapo. Anwani hiyo mpya ilikuwa ya matangazo matupu, kwa hiyo niliifungua kwenye orodha ya wasio wanachama nikaiwekea Reject, kwa sababu nilijua ni yake na majibu yangemfikia. Takataka za matapeli wa mikopo usizijibu kwa Reject hata siku moja. Anwani ya mtumaji huwa imeghushiwa, na barua yako ya kukataa itamwangukia mtu asiyehusika. Hizo ndizo za Discard.

Mzee alisimama kwenye mkutano wetu Kampala akasema nawanyamazisha wazee. Bado linaniuma, kwa sababu barua zake za ngeli zilikuwa zikipita mbele ya macho ya wote waliokuwa wamekaa pale. Lakini sikumwondolea ile Hold mpaka matangazo yalipokoma kabisa. Msimamizi anayelegeza kwa kuogopa kusemwa amewauza wanachama wake, na anayefunga kila kitu kwa hasira amewauza vilevile. Kagueni foleni asubuhi na jioni, na muwe wawili, ili mmoja akiwa safarini mwingine afungue.

Dada wa Mbale, mwekee Hold mtu huyo mmoja leo. Sababu utakayokuwa unambandikia, niandikie kwanza tuisome pamoja.