Mota imeungua, bima ya moto imekataa

"Nina mashine ya kusaga Manzese. Fezi moja ilikatika, mota ikaungua. Bima ya moto wamekataa kulipa. Ni haki?"

Pole sana ndugu yangu. Kwa bahati mbaya, hapo wako sahihi. Bima ya moto inataka moto wenyewe, wenye miali. Fezi ikikatika, mota inavuta umeme mwingi kwenye fezi zilizobaki, koili zinapata joto hadi vanishi inaungua na kunuka. Hiyo ni hitilafu ya umeme ndani ya mota, na mikataba mingi ya bima ya moto inasema waziwazi kwamba hailipi hitilafu hiyo. Moto ungetoka hapo ukashika magunia na paa, hivyo vingelipwa, mota yenyewe bado hapana.

Unachohitaji ni bima ya kuharibika kwa mitambo. Inalipa uharibifu wa ghafla: shoti, mota kuzidiwa, shafti kukatika, kosa la mwendeshaji. Mikanda, machekeche, nyundo za kinu na uchakavu wa kawaida haimo.

Kosa linaloumiza wengi ni thamani. Andikisha bei ya mashine mpya ya leo pamoja na usafiri na kufunga, hata kama uliinunua mtumba. Tuseme mpya ni milioni 8, umeandika milioni 4. Kusuka mota ikigharimu 600,000, utahesabiwa nusu, 300,000, kisha wakate kiasi unachobeba mwenyewe.

Kabla ya kulipia, mwombe wakala mwenye leseni ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, akuonyeshe ukurasa wa yasiyolipwa. Ukipata hitilafu, usisuke mota kabla mkaguzi hajaiona.