Kabla ya kulaumu viatu, kagua deki

Ninyi mnaoanza kazi jikoni, siku ya kwanza mtaambiwa mvae viatu vya kufunika, msikimbie, na anayemwaga kitu akifute. Ni maneno ya kweli, yashikeni. Ila kwa miaka yote niliyofanya kazi kati ya majiko na sinki, wenzangu wengi walioanguka hawakukanyaga dimbwi la mafuta. Dimbwi linaonekana na watu wanalikwepa. Waliteleza mahali palipong'aa, pakavu kwa macho, saa chache baada ya kupigwa deki.

Kuna jiko moja ambako nilikuwa msimamizi wa zamu ya jioni. Ndani ya miezi miwili watu watatu walianguka kwenye kona ileile, pale njia inapotoka kwenye vikaangio kuelekea sinki la vyombo. Wote waliteleza mwanzoni mwa zamu, kabla kazi haijachanganya. Mmoja alivunjika kifundo cha mkono kwa kujikinga na kiganja. Uongozi ulisema ni viatu. Lakini aliyevunjika mkono alikuwa na viatu vipya vya jikoni, hata soli haijaanza kulika, na hilo ndilo lililonifanya niache kuangalia miguu nikaangalia sakafu.

Nilichukua karatasi nyeupe ya kufutia, nikaiweka pale kwenye kona kabla ya zamu, nikaikandamiza kwa kiganja na kuivuta kidogo. Ilitoka na alama ya manjano iliyopenyeza mwanga. Nikarudia mbele ya friji, mbali na vikaangio: alama hafifu, lakini ipo. Sakafu nzima ilikuwa imepakwa mafuta, na aliyeyapaka ni mopu.

Siku iliyofuata nilisimama nikatazama deki ya saa tisa alasiri mwanzo hadi mwisho. Kijana aliyekuwa akiipiga alikuwa mchapakazi, sina neno naye, alifanya alivyofundishwa. Alijaza ndoo ya lita 20, akamimina dawa ya kukata mafuta kwa kukadiria, akaanza kwenye vikaangio na kumalizia kwenye sinki, kwa ndoo ileile moja. Alipofika katikati maji yalishakuwa ya kijivu. Kuanzia hapo alikuwa anachota mafuta ya vikaangio na kuyatandaza mbele. Kisha akaacha sakafu ikauke yenyewe. Maji yakaenda hewani, sabuni na mafuta vikabaki. Utando huo ukiwa mkavu haumsumbui sana mtu, ila jioni vyombo vya kwanza vilipopita kuelekea sinki vikidondosha maji, uliamka na kuwa utelezi.

Ili muelewe kwa nini utando mwembamba hivyo unamwangusha mtu mzima, fikirini kisigino kinavyotua. Hapo ndipo mtelezo mwingi unapoanzia: mguu uko mbele, uzito wote unaufuata, na soli ina muda mfupi sana wa kusukuma uowevu pembeni ili iguse sakafu yenyewe. Kinachoisaidia ni vichuguu vidogo vya sakafu, ambavyo vinapenya ule uowevu na kuishika soli. Wataalamu wa usalama hupima urefu wake kwa maikroni, yaani sehemu ya elfu moja ya milimita. Kwa maji matupu, vichuguu vya maikroni 20 vinatosha. Kwa maji ya sabuni au maziwa huhitajika kama 45. Kwa mafuta ya mzeituni ni kama 70, ambao ni karibu unene wa unywele. Maana yake, vigae vinavyokushika vizuri mvua ikiingia mlangoni vinaweza kukuachia kabisa mafuta yakimwagika.

Kwa hiyo majiko mengi huwekewa vigae vya kukwaruza. Ni uamuzi mzuri, lakini mopu ya nyuzi hupita juu ya vichuguu na kuacha mafuta kwenye mabonde yake. Wiki baada ya wiki mabonde yanajaa, na sakafu iliyonunuliwa kwa ajili ya mikwaruzo yake inageuka laini. Ukipitisha ukucha ukatoka na uchafu mweusi wa kunata, ujue imefikia hapo.

Tulichobadilisha ni mpangilio wa kazi. Kwanza makombo na unga vinafagiliwa vikiwa vikavu, kwa sababu unga ukilowa unakuwa uji chini ya kiatu. Kisha dawa inapimwa kwa kikombe. Lebo ya dawa yetu ilisema sehemu 1 kwa maji sehemu 40, yaani nusu lita kwa ndoo ya lita 20. Msiongeze mkidhani mnaimarisha, kwani dawa iliyozidi nayo hubaki sakafuni na kuteleza. Inamwagwa, inaachwa ikiwa majimaji kwa dakika ambazo lebo inataja, kwetu 10, ili ipate muda wa kuachanisha mafuta na kigae. Ikikaukia hapo kazi imeharibika, hivyo tulifanya kipande kimoja kimoja. Halafu brashi ngumu ya mpini mrefu, na maji machafu yakasukumwa kwa mpira wa kukaushia sakafu hadi kwenye tundu la sakafu badala ya kufyonzwa na kurudishwa ndooni. Mwisho suuza kwa maji safi na usukume tena. Eneo la vikaangio likapewa mopu na ndoo yake, isiyotoka pale.

Baada ya siku tano karatasi kwenye kona ilitoka nyeupe. Haikutosha siku moja, kwa kuwa mafuta ya mabondeni hutoka taratibu. Tuliendelea kuikandamiza karatasi ile kila Jumatatu, na siku iliyotoka na manjano tulijua kuna aliyeruka hatua.

Kazi ikiwa imepamba moto huwezi kufanya hayo yote. Hapo mafuta yakidondoka, tumia karatasi kavu papo hapo, ukiweka kibao cha tahadhari au mwenzako asimame mpaka umalize. Usilete mopu yenye maji kwa tone moja: utageuza doa la ukubwa wa sahani kuwa eneo la mita mbili lenye majimaji, watu wakiwa wamebeba sufuria za moto.

Sasa viatu, maana navyo vina sehemu yao. Chagueni soli ya mpira laini yenye mikato mingi inayofunguka hadi ukingoni, ili uowevu upate pa kutokea. Mikato iliyofungwa pande zote inauteka uowevu chini ya mguu. Kila mwisho wa zamu pitisheni brashi na maji ya sabuni kwenye soli, kwa sababu mikato iliyojaa mafuta na unga haina kazi. Na mgeuze kiatu mtazame ukingo wa nyuma wa kisigino. Ukiona sehemu iliyolika ikawa laini kabisa, kubwa kuliko kitako cha betri ndogo ya rimoti, kiatu hicho kimeshamaliza kazi yake jikoni, hata kama juu kinang'aa.

Kujikwaa nakutaja kwa kifupi: kingo za mikeka zilizojikunja, kifuniko cha tundu la sakafu kisichokaa sawa, kreti iliyowekwa chini "kwa dakika moja". Tulipiga marufuku kreti njiani, na mkeka uliojikunja ukatolewa siku ileile badala ya kubandikwa gundi ya karatasi, ambayo haishiki penye mafuta.