Kichwa kipya kilinidanganya kwa wageni mia tatu

Nauza mapazia ya Eastleigh kwa mtandao. Kichwa cha zamani cha ukurasa wangu kilikuwa "Mapazia kwa bei ya jumla". Mdogo wangu akaleta chake: "Pima dirisha, tukushonee pazia". Tukaiachia kompyuta imgawie kila mgeni kichwa kimoja kwa bahati nasibu. Kufikia jioni kila kichwa kilikuwa kimeonwa na watu 150: cha zamani kilibofywa mara 6, kipya mara 10. Nikabadilisha papo hapo, nikalala nikijiona mjanja. Wiki iliyofuata mibofyo ilirudi palepale ilipokuwa.

Siku hizi, makundi yakiwa sawa na wanaobofya wakiwa wachache, naanza kwa kujumlisha mibofyo: 6 + 10 = 16. Kipeuo chake cha pili ni 4. Tofauti ikiwa chini ya mara mbili ya kipeuo hicho, yaani 8, siiamini. Yangu ilikuwa 4 tu.

Hiyo ni hesabu ya mwisho wa jaribio. Ya mwanzo ndiyo inayosema wageni wangapi wanatosha. Kichwa changu kilikuwa kikibofywa na asilimia 4, na nilitaka kujua kama kipya kingefika 5. Katikati yake ni 4.5, na wasiobofya ni 95.5. Zidisha 16 × 4.5 × 95.5, kisha ugawanye kwa tofauti iliyozidishwa yenyewe, hapa 1 × 1. Utapata 6,876 kwa kila kichwa. Hiyo 16 si ile jumla ya mibofyo; ni namba isiyobadilika, nayo inakupa nafasi ya asilimia 80 ya kuiona tofauti ikiwa ipo kweli, na hatari ya takriban moja kwa ishirini ya kudanganyika ikiwa haipo.

Kama ningeridhika kutafuta mruko mkubwa, kutoka 4 hadi 6, hesabu ingekuwa 16 × 5 × 95 ÷ 4, yaani 1,900. Ukiwa na wageni wachache, basi, jaribu vichwa vinavyotofautiana sana. Kubadilisha neno moja ni anasa ya wenye umati.

Mimi hupata wageni 800 kwa siku, 400 kila upande, kwa hiyo kulirudia jaribio nilihitaji siku 18. Nikaweka 21, wiki tatu kamili, kwa sababu wanunuzi wangu wa Jumamosi si wale wa Jumanne. Tarehe ya kufunga niliiandika kabla ya kuanza. Mdogo wangu alichungulia matokeo kila asubuhi, na siku ya tano akanisihi, "Dada, funga, kipya kinaongoza!" Ukichungulia kila siku ukingoja uongozi ndipo ufunge, bahati tupu itakupa mshindi mapema au baadaye, na ile moja kwa ishirini haitakuwapo tena.

Siku ya 21 kila kichwa kilikuwa na wageni 8,400. Cha zamani mibofyo 336, kipya 370. Jumla 706, kipeuo karibu 26.6, mara mbili 53. Tofauti ilikuwa 34.

Kichwa cha zamani kimebaki. Mdogo wangu bado amenuna.