Kujumlisha akiba inayokua kwa uwiano uleule: mambo ya kuzingatia kwa mtunza vitabu mpya

Mwaka wangu wa kwanza wa kutunza vitabu vya kikundi cha akiba na mikopo hapa Moshi, nilimwandikia mama mmoja muuza nafaka wa soko la Mbuyuni kwamba jumla ya akiba yake ya miezi 24 ingekuwa shilingi 828,610. Alikuwa amekubaliana na kikundi kuanza na shilingi 20,000 na kuongeza mchango wake kwa asilimia 5 kila mwezi. Siku ya kufunga hesabu alikuja na kadi yake, ambayo ilikuwa imejumlishwa kwa mkono kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, hapa kuna mwezi mmoja umenila." Alikuwa sahihi kabisa. Tofauti kati ya jumla yake na yangu ilikuwa takriban shilingi 61,430, yaani mchango wake wa mwezi wa 24. Ninawaandikia ninyi mnaoanza kazi hii ili mjue kosa hilo hutokea wapi, na mlitambue kabla mwanachama hajalazimika kuja na kadi yake.

Kabla ya kugusa kanuni yoyote, hakikisheni kwamba michango inakua kweli kwa uwiano mmoja. Mchango wa kwanza ukiwa 20,000 na wa pili 21,000, bado hamjajua lolote, kwa sababu mwanachama anaweza kuwa anaongeza shilingi 1,000 kila mwezi, au anaweza kuwa anaongeza asilimia 5. Mchango wa tatu ndio unaotoa jibu: ukiwa 22,000, nyongeza ni ya kiasi kilekile, ukiwa 22,050, nyongeza ni ya uwiano uleule, kwa kuwa 22,050 ukiigawa kwa 21,000 unapata 1.05, sawa na unapoigawa 21,000 kwa 20,000. Katika miezi miwili ya mwanzo mipango hii miwili haiwezi kutofautishwa, lakini mwisho wa miezi 24 wa kwanza unafikia shilingi 756,000 na wa pili unafikia shilingi 890,040. Kwa hiyo mwanachama anaposema tu kwamba "ataongeza elfu moja moja" au "ataongeza asilimia tano", andikeni maneno yake kamili kwenye daftari, pamoja na kama nyongeza hiyo ni ya kila mwezi au ya kila mwaka.

Wengi wetu tulikutana na mfululizo wa kijiometri kidato cha tatu, kwa Kiingereza, tukaikariri kanuni bila kuona ilikotoka. Ni vyema kuiona mara moja kwa namba ndogo, kwa sababu aliyeiona hatachanganya tena vipeo. Chukueni miezi minne tu ya yule mama: 20,000, kisha 21,000, kisha 22,050, kisha 23,152.50. Zidisheni kila mchango kwa 1.05, na mtapata 21,000, 22,050, 23,152.50 na 24,310.125. Ziwekeni safu hizo mbili moja chini ya nyingine, na mtaona kwamba namba tatu za katikati zinajirudia zote. Mkitoa safu ya kwanza kutoka safu ya pili, hizo zinazojirudia zinaondoka, na kinachobaki ni 24,310.125 kutoa 20,000, yaani 4,310.125. Sasa, safu ya pili ni jumla mara 1.05 na safu ya kwanza ni jumla yenyewe, kwa hiyo tofauti yao ni jumla mara 0.05. Gawanyeni 4,310.125 kwa 0.05, na mtapata 86,202.50, ambayo ndiyo jumla ya michango ile minne mkiijumlisha mmoja mmoja.

Angalieni kwa makini ile namba 24,310.125. Huo si mchango wa mwezi wa nne. Ni mchango wa mwezi wa tano, ambao mwanachama hajautoa na wala hatautoa. Umetokea kwa sababu mchango wa mwisho nao ulizidishwa kwa 1.05. Hapo ndipo penye kiini cha kosa langu. Mchango wa mwezi wa 24 una kipeo cha 23, kwa kuwa mwezi wa kwanza haukuongezwa kitu, lakini kanuni ya jumla inatumia kipeo cha 24, kwa kuwa inaangalia hatua moja mbele ya mchango wa mwisho. Mimi nilijua vizuri kwamba mchango wa mwisho una kipeo cha 23, nikaipeleka 23 hiyo kwenye kanuni ya jumla. Kwa hesabu ya yule mama, kanuni sahihi inaandikwa hivi, na mnaweza kuichapa vilevile kwenye jedwali la kompyuta:

```
=20000*(1.05^24-1)/(1.05-1)
```

Jibu ni 890,039.98, yaani shilingi 890,040. Mkiweka 23 mahali pa 24 mnapata 828,609.50, na pengo hilo ni sawasawa na mchango wa mwisho. Mkikosea upande wa pili na kuweka 25, jumla inazidi kwa shilingi 64,502, ambao ni mchango wa mwezi wa 25. Hii ni alama ya kuaminika: pengo kati ya kitabu chenu na kadi ya mwanachama likilingana na mchango mmoja mzima wa mwishoni mwa mpango, msihangaike kutafuta risiti iliyopotea, tazameni kipeo kwanza.

Kuna njia nyingine ya kuhakiki ambayo haihitaji kuhesabu miezi hata kidogo, na mimi sifungi daftari bila kuitumia. Chukueni mchango wa mwisho, uzidisheni kwa uwiano, toeni mchango wa kwanza, kisha gawanyeni kwa uwiano uliotolewa moja. Mchango wa mwisho wa yule mama ulikuwa 61,430.48, mara 1.05 ni 64,502.00; toa 20,000 inabaki 44,502.00; gawanya kwa 0.05 inakuwa 890,040. Kwa kuwa mchango wa mwisho mnausoma moja kwa moja kwenye kadi, kosa la kuhesabu miezi haliwezi kuingia humo.

Jambo linalofuata ni desimali. Gawio la mwisho kwa 0.05 ni sawa na kuzidisha kwa 20, na mkiunganisha na mchango wa kwanza wa 20,000, kila kosa dogo mnalofanya kwenye kipeo linazidishwa mara 400,000. Uwiano wa 1.05 kwa kipeo cha 24 ni 3.2251 na kidogo. Mtu akiandika 3.2 ili kurahisisha, anapata 880,000, na shilingi 10,040 zimepotea. Akiandika 3.23 anapata 892,000, na kikundi kinadaiwa shilingi 1,960 ambazo hakuna aliyezitoa. Acheni namba nzima kwenye kikokotoo hadi mwisho, na mkadirie mara moja tu, mtakapoandika jibu.

Ukadiriaji wa michango yenyewe ni suala jingine, na hapa kanuni inaweza kuachana kabisa na hali halisi. Vikundi vingi hupenda kupokea fedha isiyo na sarafu ndogo, kwa hiyo mchango hushushwa hadi mia kamili. Ikiwa kila mwezi mnakokotoa upya kutoka 20,000 ya mwanzo kisha mnashusha, upungufu kwa kila mchango hauzidi shilingi 100. Lakini ikiwa mnazidisha kiasi kilichoshushwa mwezi uliopita, upungufu unarithiwa mwezi hadi mwezi. Kwa akiba za watoto jambo hili ni zito zaidi. Mtoto anayeanza na shilingi 1,500 anatakiwa mwezi wa pili alete 1,575, kikundi kinashusha hadi 1,500, na mwezi wa tatu inakuwa hivyohivyo, kwa sababu asilimia 5 ya kiasi chochote kilicho chini ya 2,000 haifiki mia moja. Baada ya miezi 24 mtoto huyo ana shilingi 36,000, ilhali kanuni inasema 66,753. Kwa michango midogo kama hiyo, shusheni kutoka hesabu ya mwanzo, au pokeeni hamsini.

Msichanganye pia uwiano wa ukuaji wa mchango na riba. Shilingi 890,040 ni fedha iliyotoka mfukoni mwa mama yule. Hakuna hata senti moja ya faida ndani yake. Nimekuta vitabu ambamo asilimia 5 ya mchango iliandikwa kwenye safu ya riba, na mwanachama akaahidiwa kisichokuwepo. Kama kikundi kingempa riba ya nusu asilimia kwa mwezi, na michango ikaingia mwisho wa mwezi, mchango wa kwanza ungepata riba ya miezi 23 na wa mwisho usingepata kitu. Hesabu hiyo bado ni ya kijiometri: toeni kipeo cha 24 cha 1.005 kutoka kipeo cha 24 cha 1.05, gawanyeni kwa tofauti ya viwango viwili, ambayo ni 0.045, kisha zidisheni kwa 20,000. Jibu ni kama 932,418, kwa hiyo riba ni shilingi 42,378, na hiyo ndiyo pekee inayoingia safu ya riba. Viwango viwili vikiwa sawa njia hii haifanyi kazi, kwa kuwa mtagawanya kwa sifuri. Hapo kila mchango, ukiupeleka mwisho wa mpango, una thamani ileile, na mnazidisha tu thamani hiyo kwa idadi ya miezi.

Mwisho, mwelezeni mwanachama mapema kwamba nusu ya muda si nusu ya akiba. Kijana mmoja fundi cherehani wa Majengo, aliyekuwa na mpango uleule wa 20,000 na asilimia 5, alikuja mwisho wa mwezi wa 12 akitarajia kuwa na takriban 445,000, na kadi yake ilisoma 318,343. Hakuna kilichoibwa: miezi 12 ya pili ingeleta 571,697, kwa kuwa kila mchango wake ungekuwa mara 1.796 ya mchango wa mwezi kama huo mwaka wa kwanza. Alipoona kwamba mwezi wa 24 angetakiwa kutoa zaidi ya 61,000, aliomba kusimama kwenye 35,000 kwa miezi yote iliyobaki. Katika hali hiyo msiinyooshe kanuni hadi mwezi wa 24. Kateni hesabu pale mpango ulipobadilika: kanuni kwa miezi 12 ya kwanza, kisha 12 mara 35,000, yaani 420,000, na jumla inakuwa 738,343. Kwenye kadi yake nilipiga mstari chini ya mwezi wa 12, nikaandika pembeni tarehe na kiasi kipya, naye akatia sahihi.