Selfi iwe anime, sura ibaki yako

"Kila nikigeuza selfi kuwa anime ya profaili ya gemu natoka mtu mwingine. Nifanyeje?"

Kaka, kwenye img2img, sehemu ya Stable Diffusion inayochora upya picha yako, shusha Denoising strength, yaani kiasi cha kuibadilisha picha, iwe kama 0.45. Mimi nilipoiweka 0.7, kofia yangu ya viua iligeuka nywele! Halafu Seed, ile namba inayoanzisha mchoro, usiiache -1, maana hapo inabahatisha upya kila mara. Ukipata sura uliyoipenda, nakili Seed yake, tumia selfi ileile na maelezo yaleyale, ubadilishe neno la nguo tu. Selfi yenyewe piga barazani, kivulini. Ile niliyopiga Shela saa sita mchana macho yalikuwa matundu meusi, katuni ikavishwa miwani.

— Mi natumia filta ya simu, yatosha.

— Kwa picha moja, sawa. Ya pili nywele huenda zikabadilika rangi.