Shimo la saa 6 usiku: kwa mnaoanza zamu za kufuata jua

Wiki hii nimekuta tena maneno haya kwenye makabidhiano ya kesi ya daraja la 1: "Bado tunaifanyia kazi, tafadhali endeleeni." Aliyeandika ni kijana mwenye akili na bidii, na mteja alikuwa amempenda kutwa nzima. Ila ilipogonga saa 11 jioni alishabeba begi kuwahi Mwendokasi ya Kimara. New York wakaipokea kesi bila kujua lolote, wakaanza kumuuliza mteja maswali yaleyale aliyokwisha kuyajibu asubuhi. Wadogo zangu, kila kundi jipya linaloingia hapa Dar linarudia jambo hili, kwa hiyo nayaandika ninayoyasema kila siku pale dirishani.

1. Ielewe ramani ya zamu kabla ya kuigusa kesi.

Mwezi Januari mpangilio wetu umekaa vizuri mno. Dar tuko UTC+3, Sydney wako UTC+11, New York wako UTC-5. Kila kituo kiko mbali na mwenzake kwa saa 8 kamili. Kila mmoja akifanya kazi kuanzia 08:00 hadi 17:00 ya kwao, zamu zinakutana kwa saa moja kila upande. Sisi tunapokea kutoka Sydney kati ya saa 2 na saa 3 asubuhi, tunawakabidhi New York kati ya saa 10 na saa 11 jioni, nao wanakabidhiana na Sydney kati ya saa 6 na saa 7 usiku wa kwetu, sisi tukiwa tumelala.

Mpangilio huo hauishi mwaka mzima. Jumapili ya pili ya Machi New York wanasogeza saa mbele. Jumapili ya kwanza ya Aprili Sydney wanarudisha saa nyuma. Jumapili ya kwanza ya Oktoba Sydney wanasogeza tena mbele, na Jumapili ya kwanza ya Novemba New York wanarudi nyuma. Dar hatubadilishi kitu, na hapo ndipo tunapodanganyika. Machi inapofika tunaona New York wanaingia saa 9 alasiri, tunafurahi kwamba tuna saa 2 za kukabidhi badala ya 1. Aprili tunaona Sydney wanabaki hadi saa 4 asubuhi, tunafurahi tena. Kijana mmoja aliniambia, "Kaka, sasa hivi ndiyo raha, tunaongea nao hadi tunachoka." Lakini hizo saa mbili tulizoongezewa zimetoka mahali, nazo zimetoka katikati ya New York na Sydney.

Fanyeni hesabu wenyewe. Baada ya mabadiliko ya Machi, New York wanamaliza 21:00 UTC na Sydney wanaanza 21:00 UTC: hawakutani hata dakika. Baada ya yale ya Aprili, New York bado wanamaliza 21:00 UTC, Sydney wanaanza 22:00 UTC. Saa nzima, kuanzia saa 6 hadi saa 7 usiku wa Dar, hakuna mtu duniani anayeangalia foleni yetu ya kesi. Hali hiyo inadumu hadi Oktoba.

Msitegemee kichwa. Iulizeni kompyuta:

```
TZ=America/New_York date -d '2026-04-07 21:00 UTC'
TZ=Australia/Sydney date -d '2026-04-07 21:00 UTC'
```

Ya kwanza itawapa 17:00 Jumanne, mwenzenu anazima kompyuta. Ya pili itawapa 07:00 Jumatano, mwenzenu bado yuko nyumbani.

2. Jinsi kesi nzuri inavyofia ndani ya shimo hilo.

Hili nalisimulia kwa urefu kwa sababu lilituumiza sote, na kwa sababu hakuna mtu mmoja aliyefanya uzembe.

Ilikuwa Aprili, siku chache baada ya Sydney kurudisha saa nyuma. Mteja alikuwa Auckland, mfanyabiashara wa jumla, na faili zake za malipo zilikuwa zinakwama kwenye seva ya kupokelea. Dar tuliifanyia kazi kutwa. Tuliondoa uwezekano wa mtandao, tukaondoa uwezekano wa cheti kilichokwisha muda, tukabaki na huduma moja iliyoonekana kujaza kumbukumbu hadi inaganda. Tuliikabidhi New York kwa maandishi mazuri, na aliyepokea aliandika "nimepokea" kabla hatujatoka.

New York waliendelea vizuri pia. Kufikia 20:50 UTC walikuwa na hatua moja tu iliyobaki: mteja aiwashe upya ile huduma akiwa amefungua logi za kina, kisha atume logi hizo. Huko Auckland ilikuwa inakaribia saa 3 asubuhi, watu ndiyo wanafungua ofisi. Wakamwandikia maelekezo, wakaweka kesi kwenye hali ya "inasubiri mteja", wakaihamishia foleni ya Sydney, na chini wakaandika: "Sydney wakiingia watazipokea logi." Saa yao ya kutoka ikafika, wakatoka.

Mteja alitii. Aliizima huduma, akaiwasha, ikakataa kuwaka. Saa 21:12 UTC akatuma logi pamoja na ujumbe kwamba sasa hakuna hata faili moja inayopita. Kabla ya hapo zilikuwa zinapita kwa kusuasua. Jibu lake likaigeuza kesi kuwa wazi, mfumo ukapiga kengele, na kengele ikalia kwenye foleni ya Sydney, ambako hakukuwa na mtu. Sydney waliingia 22:00 UTC, wakaanza foleni kutoka juu, wakaifikia 22:20. Kwa dakika 68 mteja alikuwa amesimama kabisa, kwa hatua tuliyomwelekeza sisi, na kila alipopiga simu alijibiwa na sauti ya kurekodiwa.

Tulipokaa kutafuta chanzo, kilitoka kwenye kalenda. Kikao cha makabidhiano cha New York na Sydney kilikuwa kimefungwa kwenye saa ya New York, 16:00 kila siku. Januari hiyo ni 08:00 ya Sydney, sawa kabisa. Machi ikawa 07:00. Mwenzetu mmoja wa Sydney, kwa moyo wake tu, akawa anaingia kikaoni kutoka nyumbani wiki zote nne zilizofuata, na kwa sababu yake hakuna aliyeona kwamba zamu haziungani tena. Aprili kikao kikaangukia 06:00. Hapo hakuweza, na wala hakupaswa kuulizwa. Uungwana wake ulikuwa umefunika ufa kwa mwezi mzima.

Ndiyo maana nawasisitiza: mkiona mtu wa kanda nyingine anahudhuria makabidhiano nje ya saa zake, msishukuru na kunyamaza. Semeni kwa kiongozi wa zamu siku hiyohiyo.

3. Kuchagua saa.

Tulipima njia tatu. Ya kwanza ilikuwa Dar tuzibe shimo, mtu wetu akeshe hadi saa 7 usiku. Vijana watatu walijitolea papo hapo, na nawapenda kwa hilo, lakini niliikataa na bado naikataa. Kesi ingekabidhiwa New York kwenda Dar, kisha Dar kwenda Sydney ndani ya saa moja, na kila makabidhiano ya ziada hupoteza kitu. Zaidi ya hapo, mtu aliyekesha kwa ajili ya saa moja hafai kitu saa 2 asubuhi, wakati kesi za Sydney zinaingia.

Ya pili ilikuwa kuzifunga zamu zote kwenye UTC. Hesabu inakaa, ila maana yake timu nzima ya Sydney ianze 07:00 wakati wa baridi yao, Juni, kukiwa ndiyo kunapambazuka. Kwa wenye watoto wa shule hilo halibebeki miezi sita.

Tuliyoichagua ni kufunga saa ya makabidhiano tu, si zamu. Makabidhiano ya New York na Sydney ni 21:00 hadi 22:00 UTC mwaka mzima. Aprili hadi Oktoba, mtu mmoja wa New York anaanza na kumaliza saa moja baadaye, na mtu mmoja wa Sydney anaanza na kumaliza saa moja mapema, kwa kupokezana kila wiki. Kasoro yake ipo: siku mmoja wao akiugua, zamu hazikutani tena, kwa hiyo lazima awepo wa akiba aliyetajwa jina. Kuanzia mabadiliko ya Machi hadi yale ya Aprili, na tena kuanzia yale ya Oktoba hadi yale ya Novemba, New York peke yao wanatosha kusogea. Sisi Dar kazi yetu ni kukumbusha, maana ndio tusiobadilisha saa.

Na ndani ya saa ya kukutana, kabidhi mwanzoni. Dakika 15 za kwanza mwenzako asome, zilizobaki akuulize. Ukikabidhi dakika 5 kabla ya kutoka umemwachia barua tu.

4. Maandishi ya makabidhiano.

Kesi ni yako mpaka mpokeaji aandike "nimepokea". Kuihamishia foleni yao si kukabidhi. Andika hali ilivyo sasa, mlichokwisha kukiondoa na ushahidi wake, hatua inayofuata, nani yuko macho upande wa mteja, na ahadi ya kumjibu. Kwa mfano:

"Faili 4 kati ya 10 zinapita. Si mtandao (tumepima pande zote mbili), si cheti. Inayofuata: kuwasha upya huduma ya kupokelea, lakini MSIMWELEKEZE mteja kabla mpokeaji wa Sydney hajaingia. Jibu kwa mteja: 2026-04-07 22:30 UTC."

Sentensi ile ya katikati ingeiokoa kesi ya Auckland. Hatua yoyote inayoweza kuzidisha ubaya isianze ikiwa matokeo yake yatarudi wakati hakuna wa kuyapokea.

Saa ziandikwe kwa UTC na tarehe. "Kesho asubuhi" haina maana kwa timu yenye asubuhi tatu. Na tafadhali, ukisema "saa 5" mdomoni, usiandike 05:00 kwenye kesi. Nimeona ahadi ya 11:00 ikiandikwa hivyo, na mteja akasubiri tangu alfajiri.

5. Sikukuu zetu.

Aprili 7 ni Siku ya Karume. Sydney na New York hawaijui, na inaangukia wiki ileile ya mabadiliko ya saa au karibu yake. Iandikeni kwenye kalenda ya pamoja mwezi mmoja kabla. Idi el-Fitri ni ngumu zaidi kwa sababu hungoja mwezi kuandama, na tangazo la Mufti huja usiku wa kuamkia sikukuu yenyewe. Kwa hiyo tunapanga watu wa zamu kwa siku zote mbili zinazowezekana, tunawaandikia wenzetu zote mbili, na usiku ule mtu mmoja aliyetajwa jina anawajulisha New York, ambao ndio walio kazini, ipi imethibitishwa. Kwa Idi ijayo jina hilo bado halijajazwa. Anayetaka aniambie kabla ya Ijumaa.