Bili Igawanywe kwa Siku Inazohesabu, Si kwa Siku Iliyofika

Katika fleti ya kushirikiana, watu wakiingia pamoja na kutoka pamoja hesabu haisumbui mtu. Ugomvi huanza pale mmoja anapohama katikati ya mwaka, chumba kinakaa wazi kidogo, kisha anaingia mwingine. Bili inafika baada ya hapo, na mwenye jina kwenye akaunti ya umeme ndiye anayebaki ameishika mkononi akitafuta wa kumgawia. Katika nyumba niliyoishi ughaibuni, jina hilo lilikuwa langu. Ndiyo maana nina msimamo mkali juu ya jambo moja: siku mtu yeyote anapoingia au kutoka, mita isomwe na ipigwe picha.

Kwanza tutenganishe gharama, kwa sababu hazifanani. Kodi hufuata chumba. Ukikaa chumba kikubwa unalipa cha kikubwa, na aliyekurithi analipa hichohicho. Intaneti na ile tozo ya kudumu ya kampuni ya umeme, inayolipwa hata kama hakuna aliyewasha taa, nazo hufuata chumba, maana haziongezeki wala hazipungui kwa matumizi. Umeme wenyewe na joto la nyumba ni habari nyingine: hivyo hufuata watu na majira. Ukizichanganya zote na kugawa kwa idadi ya vichwa, kuna mtu unamdhulumu, na mara nyingi ni mgeni aliyeingia juzi asiyejua cha kuuliza.

Nieleze kwa mfano wa nyumba yetu, tarakimu nimezirahisisha. Vyumba vitatu, kodi ya jumla 1,200, na chumba kidogo ni 340. Tulikuwa mimi, muuguzi, na mwanafunzi katika chumba kidogo. Hita zilitumia umeme. Mwanafunzi aliondoka usiku wa tarehe 14 Februari, ingawa kodi yake ilifika mwisho wa mwezi kwa sababu alitoa notisi ya mwezi mmoja. Tarehe 1 Machi akaingia mpishi. Bili ikaja Aprili, ikihesabu kuanzia 1 Januari hadi 31 Machi: siku 90, uniti 1,610 kwa bei ya 0.20, yaani 322, pamoja na tozo ya kudumu 45. Jumla 367.

Njia ambayo wengi huikimbilia ni kugawa kwa tatu, kwa kuwa walio ndani ya nyumba ni watatu. Kila mmoja 122.33. Maana yake mpishi, aliyekaa mwezi mmoja tu, analipia Januari na Februari za mtu asiyemjua.

Njia iliyo bora kidogo ni kuhesabu siku za kila mtu. Mimi siku 90, muuguzi 90, mwanafunzi 45, mpishi 31. Jumla ni siku 256. Gawa zile 322 kwa 256, kisha zidisha kwa siku za kila mmoja. Kwa hesabu hiyo mwanafunzi analipa 56.60 za matumizi na mpishi 38.99. Inaonekana ni haki, na kama huna picha ya mita, hii ndiyo itakayokufaa. Lakini ina kasoro: inachukulia kwamba siku ya Januari na siku ya mwisho wa Machi zinakula umeme sawa. Nyumba inayopashwa joto haiko hivyo hata kidogo.

Mita ndiyo inayosema kweli. Yetu ilisoma 24,100 tarehe 1 Januari asubuhi, 25,120 usiku aliohama mwanafunzi, 25,320 mwisho wa Februari, na 25,710 mwisho wa Machi. Basi bili moja inakuwa vipande vitatu. Kipande cha kwanza ni uniti 1,020, sawa na 204, na watumiaji ni watatu: 68 kila mmoja. Cha pili ni uniti 200, sawa na 40, tukiwa wawili: 20 kila mmoja. Cha tatu ni uniti 390, sawa na 78, watatu tena: 26 kila mmoja.

Tozo ya kudumu ni 15 kwa kila chumba. Katika chumba kidogo, mwanafunzi anabeba siku 59 na si 45, kwa sababu chumba kilikuwa chake hadi mwisho wa Februari hata kama kitanda kilikuwa kitupu. Hiyo ni 9.83, na mpishi anabeba 5.17 iliyobaki. Ukijumlisha, mimi na muuguzi tulilipa 129 kila mmoja, mwanafunzi 77.83, mpishi 31.17. Inarudi palepale, 367.

Linganisha: mpishi 31.17 badala ya 122.33. Hata dhidi ya njia ya siku tofauti ipo, kwa kuwa matumizi yake halisi ni 26 na si 38.99. Baridi ilikuwa imeshapungua alipoingia.

Faida kubwa zaidi ya kusoma mita siku ya kuhama ni kwamba huhitaji kungoja bili. Usiku ule mwanafunzi alipofunga mizigo tulikuwa tayari tunajua uniti zilizotumika, bei ya uniti na tozo ya siku. Hesabu yake tuliimaliza mezani. Kumtafuta mtu miezi miwili baadaye, akiwa nchi nyingine na amebadilisha namba ya simu, ni kazi isiyo na mwisho, na sisemi hivyo kwa kusikia.

Sharti moja lakini: hakikisha bili inatokana na usomaji halisi. Kampuni nyingi zisipopata namba ya mita hukadiria kwa kutazama matumizi ya nyuma, na bili yenyewe huandika pembeni ya namba kama ni makadirio au usomaji. Ukiona makadirio, tuma namba yako na uombe bili irekebishwe kabla ya kugawa chochote. Makadirio ya chini yanafurahisha leo, ila kipunjo hujilimbikiza na kumwangukia atakayekuwemo siku mita itakaposomwa kweli. Tazama pia kama bei ya uniti ilibadilika katikati ya kipindi. Ikibadilika, soma mita siku hiyohiyo, kama vile kuna mtu amehama.

Kodi ya nusu mwezi ina mtego wake mdogo. Tuseme mtu anakaa siku 14 za Februari katika chumba cha 340. Ukigawa kwa siku 28 za mwezi, analipa 170. Ukichukua kodi ya mwaka na kugawa kwa siku 365, analipa 156.49. Hakuna njia iliyo batili. Kibaya ni aingiaye ahesabiwe kwa moja na atokaye kwa nyingine. Soma mkataba kwanza, na kama uko kimya, andikeni njia yenu kabla hajahama mtu. Hapohapo andikeni nani anabeba chumba kikiwa wazi. Hili si dogo: pale ambapo wote mmesaini mkataba mmoja wa pamoja, kwa kawaida mwenye nyumba anaweza kumdai yeyote kati yenu kodi yote, si fungu lake tu. Kwetu ilikuwa anayeondoka anabeba hadi notisi yake iishe, na baada ya hapo tunaobaki tunachangia kwa uwiano wa kodi zetu.

Sasa joto la pamoja. Nyumba niliyohamia baadaye ilikuwa katika jengo lenye mtambo mmoja wa kupasha joto fleti zote. Kila mwezi unalipa kiasi cha makadirio, kisha mara moja kwa mwaka inakuja hesabu kamili: umezidisha urudishiwe, au umepunguza uongeze. Hesabu hiyo inaweza kuchelewa miezi mingi, na walioishi ule msimu wa baridi wakawa hawapo tena.

Kugawa kwa siku hapa kunapotosha sana. Ujerumani, ambako utaratibu huu umezoeleka, lipo jedwali linalotumika mpangaji anapobadilika katikati ya mwaka. Linaugawa mwaka katika mafungu 1,000 ya joto: Januari 170, Februari 150, Machi 130, lakini Juni, Julai na Agosti zote pamoja ni 40 tu. Kwingine kwenye baridi ya namna hiyo namba hazitalingana moja kwa moja, ila zinakuonyesha jinsi mzigo ulivyoegemea upande mmoja.

Chukua chumba ambacho joto lake la mwaka lilifika 300. Aliyekaa Januari na Februari tu, kwa hesabu ya siku 59 kati ya 365, angelipa 48.49. Kwa jedwali, mafungu yake ni 320 kati ya 1,000, yaani 96. Kama alikuwa akilipa makadirio ya 25 kwa mwezi, ametoa 50 na bado anadaiwa 46. Na aliyekaa kiangazi kizima akilipa 25 hiyohiyo anastahili kurudishiwa, hata kama alishahama. Hili la pili husahaulika zaidi, kwani fedha zikirudi huwakuta wengine wakiishi pale, nao huziona ni zao.

Kwa sababu hiyo, joto la pamoja ndilo sababu pekee ninayoikubali ya kuzuia sehemu ya amana ya mtu. Chumba kidogo kikiwa na amana ya 340, mpangaji mpya akishaweka yake, anayeondoka anapewa 290 na 50 inabaki hadi hesabu ya mwaka ifike. Kiasi kisitoke hewani. Kitokane na hesabu ya mwaka uliopita. Kiandikwe, pamoja na akaunti yake ya benki na jina la anayeshika fedha. Kama mpya anamlipa anayeondoka amana moja kwa moja, wakague chumba pamoja kwanza na kupiga picha, la sivyo mpya anaweza kuja kukatwa kwa tundu la ukutani lililotobolewa na mwenzake. Na mwenye nyumba athibitishe kwa maandishi kwamba amana sasa ni ya nani.

Kuhusu aliyesafiri: tozo za kudumu analipa. Joto pia, kwa sababu chumba kikiachwa baridi kabisa hula joto la vyumba vya jirani na kuta huota ukungu. Akiwa nje mwezi mzima au zaidi, mpunguzieni umeme wa matumizi kwa picha za mita. Chini ya hapo naona haifai kuanza kuhesabiana.

Na siku mwenye jina kwenye akaunti ya umeme anapohama yeye mwenyewe, asome mita mchana, aipeleke namba kwa kampuni siku hiyohiyo, na asikabidhi funguo kabla ya kupata uthibitisho kwamba akaunti imefungwa au imehamia kwa jina la mwingine. Kampuni haijui nani anaishi humo, inamjua aliyesaini.